Vifaa vya kupunguza upepo kwenye baiskeli: kipi kinunuliwe kwanza na kipi kingoje

Kabla hujafungua pochi, pima kwanza mwendo wako wa kawaida, kwa sababu mwendo huo ndio utakaoamua kama kifaa kitarudisha fedha yake. Mwendeshaji anayekwenda kilomita 20 kwa saa akiongeza mwendo hadi 40, hewa humkinza kwa nguvu inayokaribia mara nne, si mara mbili. Sababu yake ni nyepesi: katika kila sekunde hukutana na hewa iliyo mara mbili ya ile ya awali, na hewa hiyo yenyewe hulazimika kusukumwa pembeni kwa kasi iliyo mara mbili. Mbili mara mbili ni nne.

Tuchukue mtu wa kimo cha wastani aliyeinama kiasi, kwenye barabara tambarare ya pwani isiyo na upepo. Kwa kilomita 20 kwa saa hewa humrudisha nyuma kwa nyutoni 7 hivi, na kwa 40 hufikia 28. Msuguano wa matairi na lami, ulio kama nyutoni 4, haubadiliki sana, ndiyo maana jumla ya ukinzani wote haifiki mara nne kamili. Miguu ndiyo inayoumia zaidi, kwa kuwa nguvu hiyo iliyo mara nne inashindwa kwa mwendo ulio mara mbili, na hivyo kazi ya kila sekunde dhidi ya hewa hupanda mara nane: kutoka wati 40 hadi wati 315, kiwango ambacho waendeshaji wengi hawakimudu kwa zaidi ya dakika chache.

Kinachohesabiwa ni mwendo wako dhidi ya hewa, wala si dhidi ya barabara. Anayerudi Dar es Salaam kutoka Bagamoyo wakati wa kusi, akienda kilomita 20 kwa saa huku upepo wa 20 ukimpiga usoni, anabeba nyutoni zilezile 28.

Nafasi ya kwanza naipa jezi inayobana mwili, nikizingatia bei. Sehemu kubwa ya ukinzani huu, kiasi cha robo tatu, hutokana na mwili wa mwendeshaji na si baiskeli, na shati pana linalopigapiga mgongoni hukamata hewa kama tanga. Iangalie jezi ukiwa umeinama, si umesimama mbele ya kioo: ikijikunja begani au tumboni, chukua saizi ndogo zaidi.

Ya pili ni usukani unaokushusha. Jaribu kwanza kisichogharimu kitu, yaani kumwomba fundi ahamishe pete zilizo chini ya shingo ya usukani ziwe juu yake, ili mikono ishuke sentimita 2 au 3. Mgongo na shingo vikivumilia kwa majuma mawili, ndipo ununue usukani uliopinda chini, au mikono ya mbele ya kulazia viwiko. Uwezo wa mkao ulionekana mwaka 1993, pale Mskoti Graeme Obree alipoweka rekodi ya dunia ya saa moja kwa kilomita 51.596, akiwa amekunja mikono chini ya kifua kwenye baiskeli aliyoiunda mwenyewe, yenye beringi za mashine ya kufulia. Mkao huo ulipigwa marufuku mwaka uliofuata. Mikono ya kulazia viwiko ina kasoro moja: breki haziko karibu na vidole, kwa hiyo haifai katikati ya bodaboda na daladala.

Helmeti laini isiyo na matundu mengi naiweka ya tatu. Inasaidia, lakini kwenye joto la pwani kichwa kitachemka.

Rimu zenye ubavu mpana zinazong'aa dukani ni za mwisho, nami nilikosea nikaanza nazo. Siku upepo ulipotoka ubavuni na lori likanipita, gurudumu la mbele lilivutwa kama ubao, na faida niliyolipia sikuiona kwa mwendo wangu wa kilomita 25.

Tuseme jezi na mkao vimekupunguzia ukinzani kwa sehemu moja ya nane. Kwa kilomita 30 kwa saa utaokoa wati 17 hivi. Kwa 15, wati 2 tu. Anayekwenda sokoni kwa mwendo huo wa pili atafaidika zaidi akinunua matairi mazuri na kuyajaza upepo inavyotakiwa.

Kujua kama ulichonunua kinafanya kazi, tafuta mteremko mfupi alfajiri, kabla upepo haujaamka, uachie baiskeli kutoka alama ileile bila kukanyaga pedali, mara tatu kwa mavazi au mkao wa zamani na mara tatu kwa mpya. Weka alama kwa chaki mahali inaposimama. Alama za makundi mawili zikichanganyikana, kifaa hicho hakijakupa kitu unachoweza kukihisi.