Nililaza mbwa wangu mara mbili: kilichotofautisha mabanda ni kupe

Desemba iliyopita nilisafiri kwenda Moshi kwa siku 10, nikamwacha Simba kwenye banda la kulaza mbwa hapa Dar es Salaam. Nilikagua niliyoyajua wakati ule: maji yapo, kivuli kipo, na waliniomba kadi ya chanjo ya kichaa cha mbwa. Nikalipa shilingi 15,000 kwa usiku mmoja, nikaondoka moyo umetulia.

Siku ya kumchukua alikuwa mchangamfu, mkia haukutulia. Usiku, nikimpapasa nyumbani, nikakuta kupe ndani ya masikio na katikati ya vidole. Nilipopiga simu kijana wa banda akaniambia, "Dada, kupe ni kawaida, mwogeshe tu na dawa." Nikamwogesha kesho yake, wakatoka, nikadhani yamekwisha.

Siku ya 11 tangu arudi, Simba alikataa chakula. Mbwa huyu hajawahi kususia dagaa. Akalala pembeni, na nilipoinua mdomo wake fizi zilikuwa zimepauka. Daktari wa mifugo alimpima joto akakuta nyuzi 40.2, wakati mbwa mzima huwa kati ya 38 na 39 na kitu. Damu ilionyesha zile chembe zinazosaidia damu kuganda zimeshuka sana. Akaniuliza kama mbwa alikaa mahali penye kupe wiki mbili au tatu zilizopita. Ugonjwa unaitwa ehrlichiosis. Unaletwa na bakteria ambao kupe humwachia mbwa anapomnyonya, na dalili huchukua kati ya wiki moja na tatu kujitokeza. Ndiyo maana mtu humchukua mbwa wake akiwa mzima kabisa, na anapougua hakumbuki tena habari za banda.

Tiba ilikuwa doksisaiklini kwa siku 28. Simba ana kilo 20, kwa hiyo alipewa miligramu 200 kwa siku, yaani vidonge viwili vya 100, kila mara pamoja na chakula kwa sababu tumbo tupu humtapisha. Siku ya tatu alianza kula, na hapo ndipo wengi huacha dawa. Daktari alinionya nisithubutu, maana bakteria wanaweza kubaki mwilini na ugonjwa ukarudi baada ya miezi, mbaya kuliko mwanzo.

Nilimuuliza kwa nini banda linalodekiwa kila asubuhi lina kupe. Jibu lake ndilo lililonibadilisha. Kupe huyu wa mbwa hakai mwilini maisha yake yote. Akishashiba anadondoka, anapanda ukutani, na kujificha kwenye nyufa. Jike hutaga mayai maelfu humo humo. Kupe mwenye njaa anaweza kusubiri miezi bila kula mpaka mbwa mwingine aje. Kudeki sakafu hakumfikii, na kuogesha mbwa peke yake hakumalizi kitu, kwani aliyebaki ukutani anamsubiri mgeni anayefuata.

Pasaka nikajaribu banda jingine, shilingi 25,000 kwa usiku. Safari hii sikuangalia sakafu. Niliangalia juu, pale ukuta unapokutana na paa, na pembeni mwa fremu za mlango. Ukuta ulikuwa umepigwa plasta laini, nyufa zimezibwa, hakuna magunia wala mbao chakavu za kulalia. Mapokezi yao yalinifurahisha zaidi: walimsimamisha Simba juu ya shuka jeupe, wakamchana kwa kitana chenye meno ya karibu, wakachungulia masikio, kwapa na vidole. Mbwa mwingine aliyekuja na kupe alizuiliwa nje mpaka aoshwe. Chumba kikitoka mbwa hupuliziwa dawa ya kupe hadi darini, na hakipokei mwingine mpaka kikauke.

Wana upungufu. Matembezi ni mara moja tu kwa siku, na Simba alirudi sauti imekauka kwa kubweka. Nilipeleka chakula chake mwenyewe, kwa sababu kubadilisha ghafla kulishamharisha zamani, lakini nadhani walimpunja, amepungua kidogo.

Kabla ya kwenda nilimpa pia kidonge cha kutafuna cha kuzuia kupe. Kinasaidia sana, ila kupe lazima amng'ate kwanza ndipo afe, na bakteria huweza kupita ndani ya saa chache. Hakichukui nafasi ya banda safi.

Baada ya kurudi nilimkagua masikio na vidole kila jioni na kutazama fizi kwa wiki tatu kamili. Sikupata hata kupe mmoja, na fizi zilibaki na wekundu wake. Desemba nimeshaweka nafasi hapo hapo, na nimeomba chumba cha uani, mbali na mbwa wenye kelele, na matembezi ya pili kwa malipo ya ziada.