Monita tatu bila kugusa mausi: uzoefu wangu na vitufe vya Win pamoja na FancyZones

Mi nafunga hesabu za maduka ya watu hapa Dar, na kazi yenyewe kubwa ni kulinganisha: statimenti ya lipa namba upande mmoja, ya benki upande mwingine, Excel katikati, halafu mteja anatuma picha ya lisiti WhatsApp na wewe inabidi uione hapo hapo. Kwa hiyo nina laptopu kushoto, monita ya kawaida katikati ya 1920 kwa 1080, na kulia monita ya mtumba ya saizi hiyo hiyo ila nimeisimamisha wima maana statimenti ni ndefu. Mausi kwenye monita tatu inachosha, mshale wake unapotea unaanza kuutikisa mkono mpaka uuone umejificha wapi, ndo nikaamua kazi yote ya kuhamisha madirisha niifanye kwa kibodi. Natumia Windows 11, kwa hiyo nitakayosema ni ya huko.

Niseme kwanza hukumu yangu: kama una monita mbili zote zimelala, usiinstoli chochote, vitufe vya Windows yenyewe vinakutosha kabisa. Ukiwa na ya tatu, au mojawapo imesimama wima, hapo ndo FancyZones, programu ya kugawa skrini vipande unavyotaka wewe, inaanza kuwa na maana.

Kitufe ninachokipenda kuliko vyote ni Win + Shift + mshale wa kulia au kushoto. Kinalichukua dirisha zima na kulipeleka monita inayofuata, kama lilikuwa limejaa skrini linafika likiwa limejaa vile vile, na ukifika monita ya mwisho ukibonyeza tena linazunguka linarudi ya kwanza. Hakuna kingine cha kujifunza hapo. Watu wengi wanachanganya na Win + Ctrl + mshale, hicho ni kitu tofauti kabisa, kinakuhamisha kwenye desktopu nyingine ya kufikirika na madirisha yako yote yanaonekana kama yamefutwa, na kama ulishaunda desktopu ya pili kwa Win + Ctrl + D bila kujua ndo utaanza kutafuta kazi yako kwa jasho. Haijafutwa, bonyeza Win + Ctrl na mshale wa upande wa pili utaikuta.

Win + mshale bila Shift ndo ule wa kulibana dirisha nusu ya skrini. Nao unavuka monita, ila unavuka kwa hatua: dirisha likiwa nusu ya kushoto ya monita ya katikati, ukibonyeza Win + kushoto linaruka kwenda nusu ya kulia ya laptopu, ukibonyeza tena linaachia linasimama saizi yake ya kawaida, tena ndo linabanwa nusu ya kushoto. Kwa monita mbili ni sawa tu, kwa tatu unajikuta unabonyeza kama unapiga kinanda. Mi ninachofanya ni kulirusha kwanza kwa Win + Shift + mshale mpaka monita ninayoitaka, halafu mara moja tu Win + mshale kulibana. Na ile orodha ya vipicha inayotokea upande wa pili ikikuuliza uweke dirisha gani hapo, kama huitaki piga Esc, kama unaitaka chagua kwa mishale na Enter.

Kitu kimoja kinachowaangusha watu kabla hata hawajaanza: kompyuta haijui monita zako zimekaaje mezani, inafuata ule mchoro wa vibox wenye namba kwenye Settings > System > Display. Kama kwenye mchoro namba 3 iko kushoto na wewe mezani umeiweka kulia, basi kila mshale utakaobonyeza utaona umeenda kinyume na utadhani kibodi ni mbovu. Bonyeza Identify, namba zitatokea kwenye kila skrini, vuta vibox vilingane na meza yako, Apply, umemaliza.

Sasa shida ya monita ya wima. Ikiwa imesimama ina upana wa pikseli 1080 tu, kwa hiyo Win + kushoto ikiigawa nusu unabaki na kipande cha 540, na statimenti yenye safu za tarehe, maelezo, kuingia, kutoka na salio kwenye upana wa 540 haisomeki, safu ya salio ndo inakatwa na hiyo ndo unayoihitaji. Windows 11 ina Win + Alt + mshale wa juu au chini, inabana nusu ya juu au nusu ya chini, na kwa monita ya wima hiyo ndo sahihi, wengi hawaijui. Pia kuna Win + Z, inafungua mipangilio ya kuchagua na kila mpangilio una namba, unabonyeza namba ya mpangilio halafu ya nafasi. Inafanya kazi vizuri lakini kila mara lazima usome skrini ndo ujue ubonyeze nini, vidole haviwezi kuizoea haraka.

Mimi nilitaka vipande vitatu vya kulala kwenye ile ya wima na niruke kutoka monita hadi monita bila kuhesabu, ndo nikaweka PowerToys. Ni ya bure, ni ya Microsoft wenyewe, na FancyZones ni mojawapo ya vitu vilivyomo ndani yake. Unaiweka kwa mstari mmoja tu:

```
winget install Microsoft.PowerToys --source winget
```

Ukishaifungua, Win + Shift + ` (kile kitufe kilicho juu ya Tab) inakuletea kihariri cha kuchora zoni, yaani vile vipande vya skrini ambavyo madirisha yatakaa. Kila monita inapewa mpangilio wake. Laptopu nimeipa zoni moja, ya katikati Columns zoni mbili, ya wima Rows zoni tatu. Toa tiki kwenye Show space around zones, ile nafasi inayoachwa kati ya zoni inapendeza kwenye picha lakini mimi nataka mistari ya Excel. Ukitoa mwambaa wa chini wenye urefu wa 48, monita yangu ya wima inabaki na 1872, kwa hiyo kila zoni ina kimo cha 624 na upana wote wa 1080. Salio linaonekana.

Lakini ukiishia hapo vitufe havitabadilika, na hapa ndo naona watu wanaikatia tamaa wanasema haifanyi kitu. Kwenye setingi za FancyZones kuna Override Windows Snap, kwa kawaida imezimwa, iwashe. Chini yake kuna Move windows based on, chagua Relative position badala ya Zone index. Zone index inafuata namba za zoni, kulia ni namba inayofuata hata kama kwenye skrini iko chini, inavuruga kichwa. Relative position inafuata macho: mshale wa juu unaenda zoni ya juu, wa kulia unaenda ya kulia. Halafu washa Move windows between zones across all monitors, bila hiyo dirisha litazunguka ndani ya monita moja tu milele.

Sasa nikieleza asubuhi yangu inavyoenda mtaelewa. Nafungua statimenti ya lipa namba, inatokea monita ya katikati, naibana zoni ya kulia. Win + kulia, inavuka hadi ya wima na inakaa zoni ya kati kwa sababu ndo iliyo karibu na ilipotoka. Win + juu, iko zoni ya juu. Halafu kitu kitamu: Win + Ctrl + Alt + mshale wa chini inalitanua dirisha lichukue na zoni ya kati, kwa hiyo statimenti inapata kimo cha 1248, miamala mingi kwa mpigo. Excel inabaki katikati. Mteja akituma lisiti, dirisha la WhatsApp liko laptopu, naliendea kwa Alt + Tab, Win + kulia mara kadhaa mpaka wima, Win + chini, linakaa zoni ya tatu chini ya statimenti, nalinganisha kiasi na namba ya muamala, nalirudisha. Mkono wa kulia hautoki kwenye kibodi hata mara moja.

Kasoro zipo, tusidanganyane. Ukichagua Relative position, Win + juu haijazi tena skrini kama zamani, inapandisha zoni. Kujaza skrini natumia Alt + Space halafu X. Ila kama kwenye PowerToys umewasha na PowerToys Run, yenyewe nayo inatumia Alt + Space kwa kawaida, kwa hiyo badala ya menyu ya dirisha unapata kisanduku cha kutafuta. Izime au ubadilishie kitufe, maana hiyo menyu utaihitaji sana siku dirisha likipotea: umechomoa kebo ya monita, programu bado inadhani monita ipo, unaiona kwenye mwambaa lakini dirisha halionekani popote. Liendee kwa Alt + Tab, jaribu Win + Shift + mshale kwanza, mara nyingi linarudi. Likigoma, Alt + Space, M, gusa mshale mmoja wowote, halafu endelea kushikilia mshale mpaka lichomoze, Enter. Kama M imefifia maana yake dirisha limejaa skrini, anza na R ndo urudi kwenye M.

Saizi nazo zinasumbua. Laptopu yangu iko asilimia 150 na monita 100, kwa hiyo dirisha likivuka linabadilika ukubwa, na programu za zamani za uhasibu herufi zinakuwa na ukungu mpaka uifunge na kuifungua ukiwa monita husika. Hiyo hakuna kitufe kitakachoiponya, ni programu yenyewe.

Na dirisha lililofunguliwa kwa ruhusa ya administrator, mfano Task Manager, FancyZones haligusi hadi PowerToys yenyewe iwe inaendeshwa kama administrator. Mi sijaiwasha hivyo, Task Manager nalirusha kwa Win + Shift + mshale inatosha. Kuna na tiki ya kuruhusu zoni moja ipite juu ya monita zaidi ya moja, hiyo iache, inataka monita zote ziwe na asilimia sawa za ukuzaji na ukiwa na laptopu pembeni kama mimi haitakufaa.