Ejenti wa ploti za Ngata na wale "wateja wengi" wake, uzoefu wangu

Nimejaribu kunyamazia hii maneno nimeshindwa. Ejenti mwenyewe simtaji, lakini kama unatafuta ploti upande wa Ngata hapa Nakuru pengine ushapata meseji zake, zile zinaanza na "Madam habari ya asubuhi" halafu picha ya bikoni kwa nyasi.

Mazuri niyamalize haraka. Simu anashika. Alitupeleka kuona ploti na gari lake na hakuitisha pesa ya mafuta, na ploti yenyewe ni nzuri, 50 kwa 100, stima ziko karibu, udongo sio ule wa kutuama maji. Siku hiyo ningemuuliza nyota ngapi anataka nimpe.

Shida ilianza nilipoomba namba ya hati nikafanye sachi kwa lendi. Ni kitu kidogo tu, jina la eneo, bloku na namba ya mwisho, anaweza kuandika akiwa kwa matatu. Akajibu: "Madam watu wengi wameipenda hii ploti, nisingependa ikupite. Tuma hata 50,000 nikushikie." Sasa mimi nimeuliza nini na nimejibiwa nini? Nikauliza tena, akasema kuna mtu siriasi analipa Ijumaa. Nikauliza mara nyingine, akaniambia Nakuru ni siti sasa, na barabara ya Rironi hadi Mau Summit ikiisha hiyo bei nitaisikia tu kwa redio. Siti tumekuwa tangu Desemba 2021, haraka ya hii Ijumaa imetoka wapi?

Nikarudi juu nikasoma meseji zetu zote pole pole. Nilipouliza maji yanatoka wapi alinijibu maji. Nilipouliza shule, alinijibu shule, hadi akanitajia nauli ya boda. Wateja walikuwa wanazaliwa tu nikigusa hati. Na angalia maneno yenyewe, "wameipenda". Kupenda ploti hata mimi naweza kupenda kumi kwa siku moja nikiwa kwa dirisha la matatu. Hakusema kuna mtu amesaini, hakusema kuna mtu amelipa, hakusema bei gani imetajwa. Ni neno ambalo huwezi kulipinga na yeye hawezi kushikwa nalo.

Hiyo ya "nikushikie" ndio ilinichoma zaidi, maana sheria ya Kenya inataka mkataba wa kununua ardhi uwe umeandikwa, umesainiwa na pande zote na kushuhudiwa. 50,000 ukituma kwa M-Pesa ya ejenti haijashika ploti yoyote, imeshika tu wewe, kwa sababu kesho ukitaka kurudi nyuma pesa yako iko kwake. Mwenye shamba hata hakujui. Dipoziti ya kawaida ni asilimia 10 na unalipa ukisaini mkataba kwa loya, na sachi ishafanyika.

Mwishowe baada ya kumsumbua akatuma picha ya hati. Wueh. Kidole gumba kimekaa juu ya namba, eti bahati mbaya. Lakini alisahau kufunika ukubwa, na pale paliandikwa hekta 0.8094. Hiyo ni ekari mbili! Ploti ya 50 kwa 100 inatakiwa kusoma kama hekta 0.046 hivi. Kumbe hii "taito redi" yake ni hati ya shamba zima, bado halijagawanywa kwa makaratasi, bikoni zimepandwa tu hivyo. Na kama ni ardhi ya shamba, kugawa inahitaji idhini ya bodi ya ardhi, ile hukaa kwa ofisi ya kaunti ndogo ambayo wazee bado wanaita kwa DC, na kuuza pia inahitaji idhini, na bodi haikai kila siku. Kwa hivyo hata kama huyo mtu wa Ijumaa angekuja na gunia la pesa, Ijumaa hiyo hangeondoka na ploti. Hakuna mtu angeipata Ijumaa. Haraka yote ilikuwa ya pesa kuingia.

Basi bado nikawa namtetea, nikasema labda ni mambo ya biashara tu, kila mtu anatafuta unga. Na ni kweli kuna wakati wanunuzi huwa wengi kweli, ploti nzuri haikai. Nilikuwa nimeshusha hadi nyota tatu hivi.

Halafu tukiwa stafurumu mwalimu mwenzangu ananionyesha simu, ananiuliza, "Madam, wewe si ulikuwa unatafuta ploti Ngata? Hebu soma hii." Alikuwa ameona bango barabarani akapiga, na hakuniambia kwa sababu, sawa, ploti watu huficha. Meseji inasema: "Mama Shiru, fanya haraka, kuna mwalimu mmoja wa Njoro ameipenda sana hii ploti, analipa Ijumaa."

Mwalimu mmoja wa Njoro.

NI MIMI! Mimi ndio yule mtu siriasi! Sijasema nitalipa, sijasema Ijumaa, nimeuliza tu namba ya hati, na huyu jamaa amenitembeza kwa simu za watu kama chambo cha samaki! Nikamuuliza Mama Shiru na yeye alimwambia nini, akasema alimwambia tu ataongea na mzee nyumbani. Nikafungua yangu ya siku hiyo hiyo: "Kuna mama na mzee wake wako tayari kabisa." Tulicheka hadi naibu mwalimu mkuu akaja kuuliza kuna nini.

Nyota sasa ni moja. Au hata hiyo sijui, ni ya mafuta ya gari.

Lakini kitu kingine, na hapa msinitukane, ile ploti bado naitaka. Mwenye shamba hajanikosea kitu. Kama atagawa vizuri, hati ndogo zitoke na namba zake, sachi isome jina lake bila zuio la benki au la ndugu, loya aandike mkataba, mimi nitanunua, na Mama Shiru achukue ya kando. Bei nayo itashuka, kwa maana sasa tunajua wateja wengi ni akina nani na tunakunywa chai meza moja.

Kwa hivyo juzi tulimwandikia sote wawili dakika ile ile, meseji moja neno kwa neno: "Tunaomba namba ya hati ndogo na jina la mwenye shamba, tutafanya sachi kabla ya pesa yoyote." Mimi akanijibu kwamba kuna mama ameshatoka benki. Mama Shiru akajibiwa kwamba yule mwalimu ameshatoka benki.