Taa za dharura za saa 3: uzoefu wangu baada ya tatu kufeli jaribio

Taa hizi zimefungwa kwenye ngazi na korido za jengo ninalolisimamia, na zimeshapita miaka 4. Ni zile zenye betri yake ndani, nikeli-kadimi ya volti 3.6 na ampea-saa 4, zinazotakiwa kuwaka saa 3 umeme ukikatika. Kwenye jaribio la kuziacha ziwake kwa betri, tatu zilifeli. Kampuni ya matengenezo ikaniletea bei ya betri tatu mpya hata bila kufungua kifuniko. Nikagoma mpaka zipimwe kwanza.

Taa zote zilikuwa zimechajiwa saa 24 mfululizo, vinginevyo vipimo visingekuwa na maana. Nilikuwa nikizima umeme wote wa taa, nafunga nyaya za mita kwenye ncha za betri, ndipo narudisha umeme. Usidharau hatua hii. Baadhi ya chaja hazijatenganishwa na umeme wa ukutani, kwa hiyo hata ncha za kijibetri kidogo namna hii zinaweza kukupiga shoti.

Taa ya ngazini ilizimika baada ya dakika 25. Ikiwa kwenye chaji, betri ilisoma volti 4.3, ungeapa ni nzima. Nilipokata umeme ikashuka hadi 3.5, ikazidi kuporomoka, na ilipofika 2.9 taa ikajizima yenyewe ili kuilinda betri. Muda mfupi baadaye mita ikasoma 3.6 tena, na hapo ndipo wengi hudanganyika. Betri iliyochoka haikosi volti ikiwa imepumzika; inashindwa kuzishikilia ikipewa mzigo. Lakini betri nzima ambayo haikujaa nayo huanguka hivyohivyo, kwa hiyo nilipima mkondo wa chaji pia. Ulikuwa miliampea 190, na lebo inasema 200. Chaja inafanya kazi yake, basi hii kweli ilidai betri mpya.

Ya pili haikuwaka kabisa, ingawa kitaa chake cha kijani kilikuwa kinang'aa muda wote. Betri ilikuwa na volti 1.2 tu, na mkondo wa chaji ulikuwa miliampea 6, yaani karibu na bure. Nikachomoa plagi ya betri: kitaa cha kijani bado kinawaka! Kumbe kwenye toleo hili kinaonyesha kwamba umeme umefika, hakionyeshi kwamba betri inachajiwa. Hili ndilo lalamiko langu kubwa kwa mtengenezaji. Kwenye bodi ya chaja kulikuwa na kapasita iliyovimba kichwani. Nilipoweka betri iliyojaa kutoka taa nyingine, ikawaka saa 3 bila shida, maana yake draiva, yaani bodi inayoipa balbu umeme wa betri, na balbu yenyewe ni salama. Betri yake ya zamani nayo, ilipochajiwa kwenye taa nzima, ilifika muda wake. Kuifungia betri mpya taa hii kungekuwa kutupa pesa, kwa sababu na hiyo mpya isingechajiwa.

Ya tatu ilimulika mara moja, ikafifia, giza. Betri ilibaki volti 3.9 bila kutikisika. Betri isiyoshuka ni betri ambayo hakuna anayeitumia, kwa hiyo tatizo liko mbele yake. Nilihamishia kipande cha LED kwenye taa nzima, kikawaka vizuri. Ikabaki draiva.

Draiva ina ugonjwa mwingine ulio mgumu zaidi kuugundua, nao ni kula umeme kupita kiasi. Ampea-saa 4 kwa saa 3 ni wastani wa ampea 1.3 hivi. Draiva ikivuta ampea 2, hata betri mpya kabisa itaisha kwenye saa 2, na lawama itaipata betri. Ukipima mkondo huo, tumia nyaya fupi na nene. Nyaya nyembamba za mita hula sehemu ya volti, na kwa betri ya 3.6 hiyo inatosha kuifanya taa ijizime kabla ya wakati.

Upande mzuri ni kwamba chaja na draiva ziko kwenye bodi mbili tofauti, zote za plagi, hivyo nilibadilisha kilichoharibika tu. Betri imewekwa ubavuni mwa draiva, mahali penye joto, na sishangai kwamba iliyo kwenye taa ya ngazini, inayowaka mchana na usiku, ndiyo iliyotangulia kuchoka. Baada ya matengenezo na chaji nyingine ya saa 24, zote tatu zilimaliza saa 3.

Natoa nyota 3 kati ya 5. Nitazinunua tena siku kitaa cha kijani kitakapozimika betri ikichomolewa.