Maji au maziwa ukitafuna pilipili?

Pale Forodhani, mwanangu alitafuna pilipili mbuzi nzima iliyojificha ndani ya urojo. Akakimbilia maji baridi. Yalimpoza kwa sekunde chache tu, kisha moto ukarudi na kushuka hadi kooni. Kinachowasha ni kapsaisini, nayo haiyeyuki vizuri kwenye maji. Maji huitawanya mdomo mzima.

Maziwa yana kaseini, protini inayoishika kapsaisini na kuibandua ulimini. Nilimpa nusu glasi ya maziwa baridi, nikamwambia asukutue kwanza, kisha ameze taratibu ili koo nalo lipate. Mtindi pia unafaa. Tui la nazi halina kaseini, kwa hiyo mimi silitegemei.

Ila midomo ikivimba au pumzi zikibana, muwahisheni hospitali.