Daftari la karatasi za isometriki: linamfaa fundi bomba kuhesabu vifaa?

Habari zenu watazamaji. Hapa mezani nina daftari la karatasi za isometriki, lile lenye mistari hafifu iliyolala kimshazari, na leo nalipima kwa kazi moja tu. Nachukua mchoro wa maji baridi wa bafu moja, nauhamishia humu, halafu natoka na orodha ya kwenda nayo dukani. Orodha ikiwa sahihi, daftari limefaulu.

Kabla sijaanza, angalieni namna ya kulishika, maana wengi hulilaza. Karatasi hii ina mistari ya aina tatu: ya wima, inayopanda kulia kwa digrii 30, na inayopanda kushoto kwa digrii 30. Ukiigeuza ubavu, ile ya wima inapotea, unabaki na iliyolala na mingine iliyosimama mno. Mchoro utakaotoka hapo haueleweki. Basi tafuta kwanza mstari ulionyooka juu na chini. Ukiuona, umeshika sawa. Wima ni bomba linalopanda au kushuka ukutani. Ile mingine miwili ni pande mbili za chumba.

Haya, mchoro wetu. Huu ni mchoro wa kutazama kutoka juu, kana kwamba dari limeondolewa. Naona mstari unaanzia kona, unafuata ukuta wa kwanza, unapita beseni la kunawia, unapita choo, unakunja kona ya pili na kuishia kwenye shawa. Vipimo vimeandikwa: mita 0.8 kutoka kona hadi beseni, 0.9 hadi choo, 0.5 hadi kona ya pili, 1.2 hadi shawa. Jumla mita 3.4. Ukiishia hapo, ukaenda dukani na 3.4, utarudi tena siku hiyohiyo.

Sogeza kamera hapa, kwenye viduara hivi vidogo. Hiki cha beseni kina nukta katikati, na katika michoro mingi hiyo ni alama ya bomba linalopanda, linakujia wewe unayetazama. Hiki cha choo hakina nukta, kipo kama nusu duara, nalo bomba lake linashuka. Alama hutofautiana kati ya mchoraji na mchoraji, kwa hiyo ufunguo wa alama uliopo pembeni mwa mchoro wenyewe ndio wa kufuata. Hapo nina ugomvi na daftari hili: jalada la nyuma limechapwa alama zake, na mbili hazilingani na ufunguo wa mchoro huu. Mimi nimelifunika kwa karatasi ili macho yasinidanganye.

Kila kiduara ni bomba la wima ambalo mchoro wa juu hauwezi kukuonyesha urefu wake. Urefu unaupata kwenye maelezo ya vimo. Yanasema bomba kuu linashuka kutoka kimo cha mita 2.4, linatambaa ukutani kwa kimo cha 0.3 kutoka sakafu iliyomalizika. Mdomo wa beseni uko 0.55, wa choo 0.2, wa shawa 1.1. Sasa ni kutoa tu: kushuka 2.1, kupanda kwa beseni 0.25, kushuka kwa choo 0.1, kupanda kwa shawa 0.8. Jumla mita 3.25. Yaani karibu nusu ya bomba lote ilikuwa imejificha ndani ya viduara vinne.

Sasa nachora, na kanuni yangu ni kufuata maji yanavyokwenda. Kalamu inaanza juu, inashuka wima. Pembetatu mbili zilizogusana ncha ni geti valvu, naiweka kimo cha 1.8. Chini, elbo. Nalala na mstari wa digrii 30, naweka tii ya beseni mdomo ukitazama juu, naweka tii ya choo mdomo ukitazama chini, kona, elbo, nahamia mstari wa upande wa pili, elbo, napanda hadi shawa. Sijali kama mstari wa 0.9 umetoka mrefu kuliko wa 1.2. Mchoro wa namna hii si wa kupimwa kwa rula. Namba iliyoandikwa juu ya mstari ndiyo yenye neno.

Tazameni tofauti. Kwenye mchoro wa juu nilikuwa naona elbo moja tu, ile ya kona. Humu zinaonekana zote.

Tuhesabu. Mchoro unataka bomba la PPR la milimita 25 hadi tii ya choo, baada ya hapo 20, na matawi yote 20. Bomba la 25 ni 2.1, 0.8 na 0.9, jumla 3.8. Bomba la 20 ni 0.5, 1.2, 0.8, 0.25 na 0.1, jumla 2.85. Geti valvu ya 25 moja. Tii za 25 zenye tawi la 20, mbili. Redyusa ya 25 kwa 20, moja, inakaa baada ya tii ya choo. Elbo ya 25 moja, elbo za 20 mbili, na elbo za tredi, 20 kwa nusu inchi, tatu kwenye midomo.

Hapa ndipo daftari linaponiudhi. Jedwali lake la vifaa lina mstari mmoja tu wa elbo. Ukijaza "elbo 6" umeandika kweli, lakini muuzaji atakupa sita zinazofanana, wakati wewe unataka aina tatu. Mimi nagawa mstari ule kwa kalamu, saizi kwanza, kisha aina.

Kuhakiki ni rahisi: mfumo unaoanzia sehemu moja huwa na midomo sawa na idadi ya tii, ongeza moja. Tii mbili, midomo mitatu, elbo za tredi tatu. Zisipolingana, kuna kiduara umekiruka.

Bomba likiuzwa kwa urefu wa mita 4, 3.8 inatoka kwenye moja. Wapo wanaoongeza asilimia 10 bila kutazama, wanapata 4.18 na kununua mawili. Mimi ningenunua moja na soketi mbili za 25 za akiba, kwa sababu ukikosea kukata hapa, baki ni sentimita 20 tu.

Orodha ya kununua haitoshi kukatia. Vipimo vyote hivi ni vya kati hadi kati ya vifaa. Chukua kile kipande cha choo cha milimita 100: pima kwenye kifaa chenyewe, kutoka kati hadi mwisho wa tundu bomba linapogota. Tii ikiwa na 14 na elbo 13, unakata 73. Ukikata 100, mdomo wa choo utakuwa chini kwa karibu sentimita tatu.

Kwa hiyo karatasi naipa alama nzuri: mistari ni hafifu, haishindani na penseli, na ukifuta haitoki. Jalada la nyuma na jedwali lake, hapana. Kama unapata karatasi za isometriki tupu zisizo na jedwali, chukua hizo.