Barua ya mwenyekiti ilisema asilimia 10, dukani nikaambiwa nirudi na pesa taslimu

Nimetoka duka la chama chetu cha ushirika wa maziwa na mikono bado inanitetemeka. Siku chache kabla ya Krismasi tuligawiwa barua ya mwenyekiti kwenye kituo tunakopimia maziwa. Ilisema gawio la mwaka ni asilimia 12 ya hisa, na kila mwanachama atapunguziwa asilimia 10 dukani hadi Mwaka Mpya. Niliisoma mara tatu kwa furaha.

Basi nikapanga foleni na mchele, sukari, unga wa ngano na mafuta ya kupikia. Jumla shilingi 5,400, kwa hiyo nilitarajia kupunguziwa 540. Nikataja nambari yangu ya uanachama, nikamwambia keshia akate kwenye maziwa yangu, jinsi tunavyonunua mwaka mzima. Akaandika 5,400 kamili. Nilipouliza, akapaza sauti: "Mama, punguzo ni la pesa taslimu. Kama huna, pisha wengine." Mbele ya majirani zangu! Kijana ambaye mshahara wake unatoka kwenye mitungi yetu! Nilimwekea barua mezani. Hakuna neno "taslimu" popote. Hakuitazama hata.

Karani mmoja alinifuata nje akanieleza kwa upole kwamba wanaokatwa kwenye maziwa hulipa mwezi ukiisha, na duka linahitaji fedha sasa hivi kuleta bidhaa nyingine. Sababu hiyo naielewa. Lakini ni mkulima gani ana 4,860 mkononi Desemba, na malipo ya maziwa hayajaingia? Punguzo hilo ni la wenye mishahara, si letu sisi tunaokamua.

Nilifika nyumbani nimeazimia kuondoka chamani. Hisa hazirudishwi, huuziwa mwanachama mwingine, na nilishampata mnunuzi kichwani. Kisha nikakaa na kikokotoo cha simu. Hisa zangu za zamani ni 14,000, zinanipa 1,680. Zile za 6,000 nilizoongeza katikati ya mwaka zimehesabiwa miezi sita tu, 360. Jumla 2,040, ukitoa kodi ya asilimia 5 ambayo ni 102, inabaki 1,938. Na kwenye akaunti yangu zimeingia 1,938, shilingi haikupotea. Mwenyekiti alikuwa ameeleza yote kwenye barua, kodi na miezi, aya nzima.

Hapo ndipo nilipokasirika upya. Anayejua kueleza gawio kwa uwazi namna hiyo alishindwaje kuongeza neno moja kwenye sentensi ya duka? Hisa siuzi, chama kinalipa sawasawa. Ila sukari ya sikukuu nimenunua kwa jirani hapa barabarani, bei kamili, naye aliniuliza watoto wanaendeleaje.